Fotoseli ya taa ya uani: waya mwekundu si wa moto

Msomaji mmoja wa Dodoma ameniandikia kwamba amenunua fotoseli ili taa yake ya uani ijiwashe magharibi na kujizima alfajiri, lakini kila fundi wake anapowasha umeme, sakiti breka inaanguka papo hapo, na fundi amekwisha kutoa hukumu kwamba kifaa ni feki. Nilipousoma ujumbe huo nilicheka kwa uchungu kidogo, kwa sababu hukumu hiyo hiyo niliwahi kupewa mimi, nikalipa ufundi na nauli, na baadaye nikaifunga mwenyewe fotoseli ile ile iliyodaiwa kuwa mbovu. Hadi leo inafanya kazi, na fundi yule akipita mtaani kwetu jioni huitazama taa yangu bila kusema neno.

Fotoseli nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina waya tatu: mweusi, mweupe na mwekundu. Mweusi hupokea umeme wa moto, mweupe ni wa nyutro, na mwekundu ndio unaopeleka moto kwenye taa. Sasa tazama nyumba zetu zilizofungwa umeme kwa utaratibu wa zamani wa Kiingereza: humo mwekundu ndio wa moto na mweusi ndio nyutro. Fundi aliyezoea rangi hizo huunganisha mwekundu na mwekundu, mweusi na mweusi, kisha huona amemaliza. Ndani ya fotoseli, hata hivyo, kati ya mweusi na mwekundu kuna swichi tu, na katika aina nyingi swichi hiyo huwa imeziunganisha waya hizo mbili wakati kifaa hakijapata umeme. Kwa hiyo moto na nyutro hukutana ana kwa ana, nayo breka huanguka, tena imefanya kazi yake vizuri.

Mpangilio sahihi katika nyumba ya msomaji wangu, ambayo ina rangi hizo za zamani, ni huu. Zima swichi kuu, kisha uhakikishe kwa testa kwamba waya zinazofika kwenye taa hazina umeme. Mwekundu wa nyumba, unaotoka kwenye swichi ya ukutani, uungane na mweusi wa fotoseli. Mwekundu wa fotoseli uende kwenye waya wa moto wa taa, ambao katika taa za siku hizi ni wa kahawia. Mweusi wa nyumba uungane kwa pamoja na mweupe wa fotoseli na waya wa buluu wa taa, maana nyutro inahitajika na vyote viwili. Waya wa ethi, wa kijani na njano, hauingii kwenye fotoseli kabisa. Uende moja kwa moja kwenye bodi ya taa. Viungo vikae kwenye konekta ndani ya kisanduku kisichoingiza maji. Nyumba ikiwa na kahawia na buluu, kahawia hushika nafasi ya mwekundu wa nyumba na buluu nafasi ya mweusi. Hata hivyo, mchoro uliobandikwa kwenye kifaa chako ndio wenye kauli ya mwisho.

Ukiwasha umeme mchana na taa ikawaka, usikimbilie kubomoa. Aina ya kawaida huanza ikiwa imewasha, nayo huhitaji muda, pengine dakika moja au mbili, ili mwanga uruhusu umeme upashe joto kibati cha ndani kiachanishe swichi. Taa isipozimika kabisa, kagua kwanza ule waya mweupe, kwa kuwa bila nyutro kifaa hakiwezi kuizima taa. Ukiukuta umeunganishwa vizuri, huenda swichi ya ndani iliganda kwa ule mshtuko wa kwanza, na hapo ndipo utakaponunua nyingine kwa haki.

Ndugu zangu, tusiwe wepesi wa kulaani vifaa kabla ya kusoma karatasi zake, na wala tusione haya kumwambia fundi asome mbele yetu. Asiyezoea umeme asiguse chochote kati ya haya. Amwite fundi mwenye leseni ya EWURA na amwonyeshe mchoro. Huko si kumdharau, ni kulinda nyumba yako.

Jicho la fotoseli lisitazame taa yake wala ukuta mweupe unaorudisha mwanga wake, la sivyo itawasha, ijione kama imekucha, izime, kisha iwashe tena usiku kucha. Mimi yangu niliipandisha juu ya taa, nikaielekeza upande wa wazi. Swichi ya ukutani nayo ibaki imewashwa daima. Kwangu nimeibandika tepu, kwa kuwa wageni hawaachi kuibonyeza.