Vijiwe vya kooni vilinifanya niongee nimeziba mdomo miaka miwili

Juzi msomaji mmoja wa Nachingwea kaniandikia inboksi: "Kaka, nikikohoa natoa kitu cheupe kama chenga ya mchele, nikikibonyeza kinanuka hatari, hii si kansa kweli?" Nikacheka kidogo halafu nikanyamaza, maana mimi wakati wangu sikuwa na wa kumuuliza.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi huku Mtwara, na msimu wa korosho unajua wenyewe, mkulima anakuja anasimama puani kwako anasoma kilo zake. Mwenzangu niliyekaa naye meza moja akawa anasogeza kiti, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku moja akaniwekea mezani paketi nzima ya pipi za mnanaa mbele za watu. Sijamsahau mpaka leo, nisiwe mnafiki.

Mswaki nilikuwa napiga mara tatu kwa siku. Duka la dawa wakanipa amoksilini, harufu ikapungua nikatamba sana, wiki mbili tu imerudi, nikanunua tena, ikarudi tena. Hela imekwenda bure, maana dawa inapunguza bakteria kwa muda lakini vishimo wanavyokaa viko palepale.

Vishimo gani? Chukua tochi ya simu, simama kwenye kioo, panua mdomo useme "aaa". Yale mafindofindo mawili, huku wengi tunaita tonsesi, hayako laini kama yai, yana mifereji na vijishimo. Humo vinanasa vipande vya chakula, makamasi yanayoteremka kutoka puani, na ngozi ya mdomo iliyokufa. Bakteria wasiopenda hewa wanajificha chini wanakula huo uchafu na kutoa gesi zenye salfa, ndio maana unasikia yai viza. Ukikaa muda mrefu unashika madini, hasa kalisiamu, unakuwa kijiwe. Aliyeugua tonsesi mara kwa mara mara nyingi vishimo vyake vimekuwa virefu, na mimi utotoni zilikuwa hazinipiti. Kwa hiyo ndugu yangu wa Nachingwea, kijiwe chenyewe si kansa, na wala hujalogwa.

Sasa sehemu ya aibu. Siku niliyokiona nikachukua chupio la mke wangu nikaanza kuchokonoa, kikatoka kweli, cha njano chenye ukubwa wa chenga ya mchele, na damu ikatoka nacho, koo likauma siku nne hata uji ulinishinda. Usifanye. Tonsesi ina damu nyingi na kitu chenye ncha kinaacha kidonda ambacho nacho kinakamata uchafu. Kama kinaonekana juujuu, pamba ya masikioni iliyoloweshwa maji, unasukuma taratibu kwa pembeni, kikigoma unakiacha.

Kilichonisaidia ni chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, unainua kichwa unasukutua mpaka kooni kabisa halafu unatema, kila baada ya kula na kabla ya kulala. Mimi vilianza kutoka vyenyewe wiki ya pili.

Lakini harufu haikuisha yote, na hapa ndipo watu wengi tunapigwa. Daktari wa meno alinipa kijiko akaniambia nikwangue ulimi huku nyuma kabisa ninuse. Jamani! Utando mweupe, harufu ileile. Tena fizi zangu zilikuwa zimejaa ugaga. Akaniambia harufu nyingi ya mdomo inatoka kwenye ulimi na fizi, vijiwe ni nyongeza tu. Akanisafisha meno, nikaanza kukwangua ulimi kila asubuhi na kupitisha uzi katikati ya meno usiku, na kunywa maji mizani ikiwa inaendelea, maana mdomo mkavu unanuka zaidi. Hiyo dawa ya kusukutulia yenye pombe niliacha, ilikuwa inanikausha. Baada ya mwezi na nusu hivi mke wangu mwenyewe akasema umekuwa mtu.

Na nyie mnaosogeza viti, mwambieni mtu pembeni, kwa siri, sentensi moja inatosha. Pipi mnazogawa hadharani mnafikiri mnasaidia, mnamuua mtu kabisa.

Kukata tonsesi kupo, ukishakatwa zote vijiwe havina pa kukaa, ila mtu mzima anauma koo kama wiki mbili na kuna hatari ya kutoka damu, ndio maana daktari wa masikio, pua na koo hakimbilii huko kama vijiwe havikusumbui sana. Mimi sijakata. Bado nakohoa kimoja kila baada ya miezi, nakitema naendelea na kazi.

Ila wewe wa Nachingwea, umeniandikia kwa chini kwamba tonsesi ya kulia imekuwa kubwa kuliko ya kushoto na sikio la upande huohuo linauma. Kijiwe chenyewe kinaweza kuleta maumivu ya sikio, lakini uvimbe wa upande mmoja hausukutuliwi kwa chumvi, nenda hospitali wiki hii wakuangalie.