Mwizi wako asilie, mpe kazi ya kufanya

Nyinyi ambao mmeanza kuandika skripti juzi hapa Kisumu, kuna kitu naona kwa drafti zenu karibu zote: mkishaamua karakta mkuu ni mkora, mnaingiwa na uoga watu watamchukia, sasa mnampa sini ndefu analia akisimulia venye babake alimtesa. Toeni hiyo sini. Mtu anayeomba huruma tunamshuku.

Cheki The Sopranos, epizodi ya tano ya sizoni ya kwanza, 1999. Tony, bosi wa mafia, amepeleka bintiye Maine kuona vyuo, huko anapatana na msee aliyekuwa mwenzao akawauza kwa serikali, na anamnyonga mwenyewe kwa waya. Wakubwa wa HBO waliogopa wakasema watazamaji watamkimbia Tony. David Chase, mwenye hadithi, alikataa kuitoa juu bosi wa mafia akiachilia msaliti nani atamwamini tena? Lakini alikubali kuongeza kitu: msaliti akaonyeshwa bado anauza madawa, tena anajaribu kulipa mateja wamuue Tony. Tony hakupunguziwa dhambi hata moja, aliyebadilishwa ni yule wa kuuawa.

Sasa tulete nyumbani. Makanga wa Kondele, tumuite Otis, anaiba elfu sitini ya chama ya mamake. Kwanza tumuone kazini, akipanga magunia ya akina mama wa Kibuye bila kuvunja yai, anajua kila mtu anashukia wapi, kwa sababu mtu anayejua kazi yake tunampenda haraka hata kabla tumjue. Halafu tujue mweka hazina amekuwa akikopesha hiyo pesa kisiri na riba anaweka mfukoni. Halafu, na hapa ndio wengi wenu mnaharakisha, tuambieni mpango mapema: mkoba wa pesa uko chini ya sinki kwa mweka hazina, mwenyewe ametoka kununua tokeni, Otis ana dakika chache. Akiwa ameinama hapo, mlango ugongwe. Msomee mtu hiyo sini kwa sauti umwangalie, utaona ameshika pumzi akitaka Otis asishikwe, na hakuna mahali umemwambia Otis ni mtu mzuri. Ukiandika wizi kama habari, ati pesa ilipotea na baadaye tukajua ni yeye, hakuna mtu atakuwa upande wake, maana hatukuwa naye jikoni.

Shida inakuja ukizidisha. Kila anayeumizwa akiwa alistahili, Otis anabaki askari tu bila yunifomu, hana utata. Wacha mmoja asiye na hatia, labda nyanya ambaye ilikuwa zamu yake kupokea na bwanake anangoja dayalisisi. Mwonyeshe mara moja, anahesabu tena noti alizobaki nazo, bila muziki wa huzuni. Kama wasikilizaji bado wanapiga makofi hapo, umemficha sana huyo nyanya, mpe sentensi moja amwambie Otis uso kwa uso.