Kusoma tangazo la 1688: 批, 件 na 规格 zinavyowachanganya waagizaji

"Wakuu, nataka kuagiza thamosi ndogo za stenlesi kutoka 1688, ile tovuti ya jumla ya China. Nikitafsiri kwa simu naona 'kundi' kila mahali: kundi la kuanzia, kundi mchanganyiko, namba ya kundi. Tangazo linasema naanza na 2, muuzaji anasema 500. Halafu nikiuliza bei ya 'kipande' naambiwa katoni. Nimechoka. Ipi ni ipi? Nahitaji pisi 320 tu, nyeusi 200 na nyeupe 120."

Mkuu, simu yako haijakosea sana, tatizo ni herufi yenyewe. Kwenye matangazo haya 批 ina maana mbili: kuuza kwa jumla, na fungu la bidhaa lililotoka kiwandani kwa mkupuo mmoja. Programu ya kutafsiri inachagua neno moja na kulibandika kote. Angalia herufi ya jirani yake ndipo utajua imekaa upande gani.

Ukiona 起批 au 起批量, hapo 批 ni ya jumla. Maana yake ni idadi ya chini ya kuanza kununua kwa bei ya jumla. 混批 nayo ni jumla: unaruhusiwa kuchanganya rangi au aina, ilimradi ufikishe kiasi fulani cha fedha au idadi fulani. Lakini 批号 na 批次 ni fungu la uzalishaji, na hayo hayahusiani kabisa na kiasi unachonunua. Kwa hiyo lile "kundi" la kwanza na la pili uliloliona ni masharti ya kununua, la tatu ni alama ya kiwandani.

Sasa hiyo 2 na 500. Kiasi cha chini kwenye ukurasa huwa ni cha mzigo uliopo stoo tayari, unaoandikwa 现货. Huo unauzwa kama ulivyo, na boksi lake na nembo yake. Ukimwambia muuzaji unataka nembo yako, rangi ambayo haipo, au boksi lako, umeshahama na kuingia kwenye 定制, yaani kutengenezewa. Hapo anakupa 起订量, kiasi cha chini cha oda ya kiwandani, na ndiyo hiyo 500. Hajakudanganya, amejibu swali jingine. Inawezekana kabisa ulimtajia nembo bila kujua kwamba neno hilo moja linabadilisha kila kitu.

Muulize pia hiyo 500 ni kwa oda nzima au kwa kila rangi. Ukiona 每色 mbele ya idadi, ni kwa kila rangi, maana kiwanda kinapaka rangi moja kwa mkupuo na hakitaki kusafisha mashine kwa pisi 120. Nyeusi na nyeupe kwa sharti hilo ni pisi 1,000.

Na ukifika kwenye malipo ya awali ya oda ya kutengenezewa, soma herufi, usisikilize sauti. 定金 na 订金 zinatamkwa sawasawa. 定金 ni arubuni ya kisheria: ukijitoa wewe imeliwa, akivunja muuzaji anakurudishia mara mbili. 订金 ni malipo ya awali ya kawaida, hayana adhabu hiyo.

Turudi kwa mtu wa pisi 320 asiyehitaji nembo. Yeye anakaa kwenye 现货, na kikwazo chake si kiasi cha chini tena, ni katoni.

Hapo ndipo 件 inapokuuma. Kwa nguo, 件 ni pisi moja. Kwa mtu wa stoo na wa usafirishaji, 件 ni mzigo mmoja uliofungwa, yaani katoni nzima. Ukimwandikia unataka 10件, mmoja anakupimia thamosi kumi na mwingine anakutolea katoni kumi. Ukiona 整件 ni katoni kamili bila ubishi. Ukiona 50个/件, tayari umeambiwa kwamba 件 hapa ni katoni ya pisi 50. Dawa yake ni ndogo: usiandike 件 kabisa. Tumia 个 kwa pisi na 箱 kwa katoni, hakuna atakayekuelewa vibaya. Kwa seti ni 套, kwa jozi ya viatu ni 双, kwa dazani ni 打. Tazama kipimo hicho kimekaa wapi kwenye bei: ¥11.50/个 na ¥11.50/套 ni bei mbili tofauti hata kama picha ni ileile.

Idadi ndani ya katoni inaandikwa 装箱数 au 箱规. Tuchukue mfano wa tangazo la thamosi ya mililita 500 lenye mistari hii:

```
规格：500ml
装箱数：50个/箱
外箱尺寸：72×37×26cm
毛重/净重：16.5kg/15kg
100-499个：¥11.50
```

Vipimo vya katoni ya nje ni 外箱尺寸. Zidisha 0.72 kwa 0.37 kwa 0.26, unapata mita za ujazo 0.0693 kwa katoni. 毛重 ni uzito wote pamoja na katoni, 净重 ni wa bidhaa peke yake. Wakala wa meli anakutoza kwa ujazo, wa ndege anaangalia uzito, na wote wawili wanahesabu katoni ilivyofungwa. Kwa hiyo usipige hesabu ya ndege kwa 净重. Kilo moja na nusu kila katoni si chache mzigo ukikua.

Nyeusi 200 ni katoni nne kamili, safi. Nyeupe 120 ni katoni mbili na pisi 20 zinazobaki. Hizo 20 zinaingia kwenye kile wanachokiita 尾箱, katoni ya mkia. Mara nyingi muuzaji huzirusha kwenye katoni yoyote iliyo karibu, nusu tupu, na thamosi zinagongana njia nzima. Kibonyeo kidogo tu upande wa nje hakionekani kama kitu kikubwa, lakini kikifika hadi kuta mbili za thamosi zikagusana, joto linapita hapo na chai inapoa upesi. Zaidi ya hapo, wakala anakutoza ujazo wa katoni, hajali umeweka nini ndani.

Ningekuwa mimi ningechukua nyeusi 200 na nyeupe 150. Ni katoni saba, mita za ujazo 0.485, kilo 115.5. Kwa ¥11.50 unalipa yuani 4,025 badala ya 3,680. Unaongeza yuani 345 na kupata pisi 30 zaidi zilizofungwa kiwandani, badala ya mkia wa kubahatisha. Kama fedha imekaba, shusha nyeupe iwe 100 na ubaki na katoni sita. Namba mbaya ni hiyo 120.

Kuhusu 规格, simu itakwambia "vipimo" na wewe utafikiri ni urefu na upana. Ni zaidi ya hapo. Ni chaguo mahususi la bidhaa: ujazo, saizi, na wakati mwingine namna ilivyopakiwa. Tangazo la thamosi linaweza kuwa na 规格 nne, za mililita 350, 500, 750, na ya nne ni 杯盖, yaani kifuniko peke yake. Bei inayong'aa kwa maandishi makubwa juu ya ukurasa inaanzia kwenye chaguo la bei ndogo kuliko yote, na hilo ni kifuniko. Watu wanaipiga picha, wanaitumia kukokotoa faida, kisha wanashangaa bei imeruka mara tatu wakibonyeza. Bonyeza kwanza chaguo lako kamili, rangi na ujazo, ndipo uandike bei kwenye daftari.

Malighafi haimo ndani ya 规格, ina mstari wake wa 材质. Kwenye thamosi tafuta mistari miwili: 内胆, silinda ya ndani, na 外壳, ganda la nje. Kawaida ya soko ni ndani stenlesi ya daraja la 304 na nje ya 201, na hakuna ubaya, kwa kuwa 201 ina nikeli kidogo na inashika kutu mapema lakini haigusi chai. Ubaya ni pale palipoandikwa 201 sehemu zote, au 不锈钢, yaani stenlesi, tu bila namba. Sumaku haitakusaidia hapa, kwani zote mbili hazinaswi vizuri, na 304 iliyokandamizwa kwa mashine inaweza kunaswa kidogo. Kuna dawa ya matone ya kupimia, wakaguzi wa Guangzhou na Yiwu wanayo.

Sasa ile 批 ya kiwandani. Thamosi haina tarehe ya kuisha, lakini fungu lake bado lina kazi. Ukiongeza oda baada ya miezi minne, nyeupe ya fungu jipya inaweza kuwa na umanjano kidogo, nao wanaiita 色差. Mpira wa kifuniko, 密封圈, unaweza kuwa mnene au mwembamba kwa kiasi ambacho jicho halioni ila maji yanaona. Usichanganye mipira ya akiba ya mafungu mawili. Wakati wa kununua, omba mzigo wote uwe 同一批次, fungu moja.

Kwa mafuta, losheni na vipodozi vingine, hapo 批 ni hatari zaidi. Kuna mitindo miwili halali ya kuandika. Mmoja ni 生产日期 pamoja na 保质期: tarehe ya kutengenezwa na muda wa kukaa, mfano miaka mitatu. Mwingine ni 批号 pamoja na 限期使用日期: namba ya fungu na tarehe ya mwisho ya kutumia. Tarehe huanza na mwaka, kwa hiyo 20240512 ni tarehe 12 mwezi wa 5, 2024. Namba hizo nane peke yake chini ya chupa hazikwambii kama ni kuzaliwa au kufa kwa bidhaa. Lazima usome maneno yaliyo kwenye lebo. Na lebo ikisema 见瓶底, inakutuma kwenye kitako cha chupa. Mwambie muuzaji apige picha mbili, ya lebo na ya kitako, za mzigo utakaotoka, si za sampuli.

Kwa thamosi zako, mtumie hivi kwenye gumzo la 1688 au WeChat:

```
现货，500ml，黑色200个，白色150个。
一箱装多少个？外箱尺寸和毛重是多少？
请发同一批次，整箱发货。
```

Umesema mzigo wa stoo, ujazo, idadi kwa kila rangi; umeuliza pisi kwa katoni, vipimo vya nje na uzito wote; umeomba fungu moja na katoni kamili. Akijibu 可以, yaani "sawa", tu bila namba, hajajibu, uliza tena kabla ya kulipa. Akisema katoni ni pisi 48 na si 50, rudi kwenye hesabu: nyeusi 192, nyeupe 144, bado ni katoni saba.