Barua ya chuo badala ya IELTS: walioikubali na walioikataa

> "Wakuu, niko Moshi. Nilimaliza digrii 2018 hapa hapa nchini, sekondari na chuo vyote nilisoma kwa Kiingereza. Naomba masta Uingereza, wameandika 6.5 ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, na isiwe chini ya 6.0 popote. Lazima nifanye mtihani au barua ya chuo kwamba nilisoma kwa Kiingereza inatosha? Na nikipata 6.5 ya jumla si nimemaliza?"

Mkuu, barua inaweza kutosha, ila si kwa kila chuo, na si barua yoyote. Mimi niko Arusha. Mwaka 2021 niliomba vyuo viwili vya huko kwa vyeti vilevile. Kimoja kilinisamehe mtihani kwa barua, kingine kilikataa katakata nikajikuta kwenye basi la alfajiri kwenda Dar na penseli mbili mfukoni. Kwa hiyo yote mawili yalinipata.

Kuna jambo linalowakatisha tamaa wengi mapema. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wa Kiingereza. Jamaika imo, Trinidad na Tobago imo, sisi hatumo, na Kenya na Nigeria nao hawamo. Mtu akiiona anahitimisha kwamba msamaha hautuhusu, anaenda kulipia mtihani. Lakini orodha ile si mlango pekee. Kwa masomo ya ngazi ya digrii na kuendelea, sheria ya viza inakiachia chuo kikuu kupima chenyewe Kiingereza cha mwombaji, mradi kiridhike kwamba kinafika kiwango kinachoitwa B2, halafu kinaandika hivyo kwenye CAS, ile hati unayoombea viza. Mwenye neno la mwisho kwako basi ni ofisi ya udahili ya chuo unachoomba. Ingekuwa unaenda kozi ya maandalizi iliyo chini ya digrii, hapo ungehitaji mtihani ulioidhinishwa na serikali yao, mfano IELTS for UKVI. Maswali ni yaleyale ya IELTS ya kawaida, tofauti ni kwamba unafanyika kwenye kituo kilichoidhinishwa kwa ajili ya viza. Kwa masta usiulipie huo mpaka chuo kikuambie kwa maandishi.

Sasa barua. Ya kwanza niliipata ndani ya siku moja, nikafurahi kweli. Niliandikiwa na mkuu wa idara aliyenifundisha, mistari mitatu: fulani alikuwa mwanafunzi wetu, lugha ya kufundishia chuoni kwetu ni Kiingereza, tafadhali mpeni ushirikiano. Niliituma kwa vyuo vyote viwili. Baada ya wiki moja na kitu chuo cha kwanza kikajibu kwa adabu kwamba hawaipokei. Nilipowaandikia kuuliza kasoro iko wapi, yule ofisa alinipa sababu ambazo mpaka leo nawaambia watu.

Barua ilisema chuo kinafundisha kwa Kiingereza, haikusema MIMI nilifundishwa digrii ipi, kuanzia lini hadi lini. Haikutaja mitihani. Wao wanataka isemwe wazi kwamba masomo yote yalifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kwa sababu zipo nchi ambazo mwalimu anafundisha kwa Kiingereza na mwanafunzi anajibu mtihani kwa lugha nyingine. Na iliyotia saini ni idara. Walitaka ofisi ya msajili au ya taaluma, yenye barua pepe ya chuo waliyoweza kuiandikia na kuuliza, wala si anwani ya gmail ya mwalimu.

Ya pili ilinigharimu safari mbili za ofisini na siku kumi na moja, maana mwenye muhuri alikuwa safarini na hakuna aliyekuwa na ufunguo wa kabati. Nilijifunza kwenda na rasimu niliyoichapa mwenyewe kwa Kiingereza, karani akahamishia kwenye karatasi yenye nembo ya chuo. Ilikuwa na jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya usajili, jina kamili la digrii, tarehe ya kuanza na kumaliza, sentensi ya kufundishwa na kutahiniwa, tarehe ya barua, saini, cheo, muhuri, simu na barua pepe ya ofisi. Ukurasa mmoja tu. Kabla hujahangaika lakini, tazama chini au nyuma ya transkripti yako. Vyuo vingine huchapa pale lugha ya kufundishia, na ukikuta hivyo wapo wanaoridhika na hiyo peke yake.

Jina liangalie sana. Kama cheti kina majina mawili na pasipoti ina matatu, barua ifuate pasipoti na itaje pia jina lililo kwenye cheti, ama sivyo watakurudisha tena.

Chuo cha kwanza kikaipokea, sharti la Kiingereza likafutwa kwenye barua yangu ya udahili. Cha pili, ambacho ndicho nilichokitaka zaidi, kikasema barua ni nzuri ila imechelewa: kwao digrii iliyosomwa kwa Kiingereza inahesabika kama ilimalizika ndani ya miaka mitano kabla ya kozi kuanza. Mimi nilimaliza 2015. Na kanuni hiyo ilikuwepo kwenye tovuti yao tangu mwanzo, kwenye ukurasa wa mahitaji ya lugha, chini kabisa, sikuufungua. Hapa ndipo pako wewe, mkuu. Umemaliza 2018, kwa chuo chenye kanuni kama hiyo muda umekupita. Vyuo vingine vinaweka miaka miwili, vingine haviweki kikomo, kwa hiyo usiulize "mnapokea barua?" halafu ukatulia. Uliza na umri wa digrii.

Kuhusu sekondari, cheti cha Kidato cha Nne kwa masta hakikunisaidia popote. Wapo wanaolikubali somo la Kiingereza la NECTA kwa daraja la C au zaidi, lakini hasa kwa waombaji wa digrii ya kwanza. Na fomu ikikuuliza lugha yako ya kwanza, andika Kiswahili, au Kichaga kama ndicho ulichokulia. Nilimwona jamaa kaandika Kiingereza akidhani anajipandishia nafasi, akaambiwa alete uthibitisho, na msingi alisoma shule ya kata.

Haya, mtihani. Swali lako la 6.5 ya jumla jibu lake ni hapana, na mimi ndiye mfano. Matokeo yangu yalitoka siku ya 13: kusikiliza 6.5, kusoma 6.5, kuandika 5.5, kuongea 7.0. Jumlisha unapata 25.5, gawa kwa nne ni 6.375. IELTS huusogeza wastani kwenye nusu iliyo karibu, kwa hiyo karatasi ikasomeka 6.5. (Ukipata 6.25 kamili unapandishwa hadi 6.5, ukipata 6.125 unashushwa hadi 6.0.) Nilipiga simu nyumbani nikasema nimefaulu. Jioni ndipo nikairudia ile barua ya udahili: isiwe chini ya 6.0 popote. Ile 5.5 ya kuandika ilikuwa imeniangusha.

Kuandika ndiko kunakotuangusha wengi tuliosoma kwa Kiingereza miaka yote, na sababu si lugha tu. Ni saa moja, kazi mbili. Ya kwanza unaelezea chati au jedwali kwa maneno yasiyopungua 150, ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na insha ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Mimi kwenye chati nilisoma takwimu moja baada ya nyingine kama mtangazaji wa matokeo ya uchaguzi, bila kusema hata mara moja picha ya jumla ni ipi, nini kimepanda na nini kimeshuka. Usipoweka huo muhtasari, alama za kujibu swali zinakwama kwenye 5 hata kama sarufi yako imenyooka. Halafu nilitumia dakika 30 hapo badala ya 20, insha ikaishia hewani bila hitimisho.

Unaweza kuomba karatasi isahihishwe upya ndani ya wiki sita tangu siku ya mtihani. Unalipia, na alama ikibadilika unarudishiwa. Sikuomba, nilijua nilichokifanya. Nilirudia mtihani wote baada ya miezi miwili, kila jioni naandika kazi moja kwa saa ya jikoni ikinihesabia dakika, nikapata kuandika 6.5. Sasa hivi kuna utaratibu wa kurudia kipengele kimoja tu kwa wanaofanya kwa kompyuta, ndani ya siku 60, ila kwanza hakikisha kituo chako kinao na chuo chako kinaupokea. Matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno kama hujajua unaanza lini.

Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo nao usiudharau pale wanapoukubali. Unaufanyia nyumbani, unahitaji kitambulisho kama pasipoti, kamera, chumba kisicho na mtu na intaneti isiyokatika. Kwa umeme wetu hapa ningeufanya kwenye kompyuta mpakato yenye chaji kamili na bando la simu pembeni.

Ningekuwa wewe, kesho asubuhi ningeandikia udahili wa kila chuo maswali matatu: digrii iliyofundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza Tanzania mnaikubali? Iwe imemalizika ndani ya miaka mingapi? Barua itoke ofisi gani na itumwe na nani? Swali la mwisho lina maana, wengine hawapokei skani yako, wanataka msajili aitume mwenyewe. Wakati unasubiri majibu, nenda kwa msajili na rasimu yako. Na usijiandikishe mtihani kabla hawajajibu, mimi nililipa mara mbili na mwisho wa yote nikaenda kwenye kile chuo cha kwanza, kwa sababu ndicho kilichonipa punguzo la ada.