Amebadilisha rangi ya kopa? Soma kwanza meseji zilizotangulia

Dada mmoja aliniletea simu yake akiwa amenuna. Mchumba wake alizoea kumtumia ❤️ kila usiku, sasa anatuma 💛, na mashoga zake wameshamwambia la njano ni la kirafiki, kwa hiyo ameshushwa cheo.

Kwa maswali kama haya, huwa naomba kuona mazungumzo yenyewe. Tulipopanda juu kidogo tukakuta usiku mwema upo palepale, "umekula?" ipo, simu za jioni hazijapungua. Kilichobadilika ni stetasi za huyo dada. Ni shabiki wa Yanga, na tangu wiki ya mechi na Simba alikuwa anajaza 💚💛 kila mahali. Kijana alikuwa anamfuata rangi zake! Ningeona kopa limebaki peke yake na maneno yameisha, hapo ningekuwa na wasiwasi, hata kama lingekuwa jekundu.

Snapchat ni habari nyingine kabisa. Pale kopa la njano likikaa pembeni ya jina, hakuna aliyelituma. Programu yenyewe imehesabu kwamba wewe na huyo mtu ndio mnaotumiana snap nyingi kuliko wengine wote. Mkiendelea hivyo wiki mbili mfululizo, linageuka jekundu. Kwa hiyo ukiliona kwenye simu ya mwenzio, limekuonyesha anayetumiana naye zaidi, wanachoandikiana halikijui. Tena mtu anaweza kuzibadilisha alama hizo kwenye mipangilio, basi usianzishe ugomvi kwa rangi tu.

La zambarau likitoka kwa kijana anayependa muziki wa Korea, lina historia yake. Novemba 2016, V wa kundi la BTS aliwaambia mashabiki kwamba zambarau ni rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, na maana yake ni kuaminiana na kupendana kwa muda mrefu. Mashabiki wakalishika mpaka leo. Mdogo wako akikutumia 💜, amekupa kitu kikubwa kwake, mjibu kwa 💜.

Jeusi ndilo ninaloomba watu walitumie kwa uangalifu. Lilikuja baadaye, mwaka 2016, na lina kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Chini ya picha ya mtu aliyevaa nyeusi tupu, 🖤 ni kumwambia amependeza. Chini ya tangazo la msiba, ni kuomboleza pamoja naye. Vijana wanaelewana hivyo bila shida, lakini mama mzazi wa rafiki yako aliyefiwa anaweza kuona alama nyeusi tu asijue umemaanisha nini. Mwandikie, "Pole sana mama, Mungu awatie nguvu," kisha umpigie. Kopa ukitaka liweke mwishoni, baada ya maneno.