Kuomba kuanza kazi mapema kwa mwezi mmoja

"Naishi Bagamoyo, kazini ni Mwenge, na foleni ya asubuhi inanichelewesha. Niombeje kubadilishiwa saa kwa mwezi mmoja?"

Ndugu yangu, kabla ya kuandika barua, rekodi kwa wiki moja saa unayotoka nyumbani, mahali unapokwama, Tegeta au kwingineko, na saa unayofika, kwa sababu mkuu wako atapima maandishi hayo kuliko malalamiko.

Ikiwa sasa unafanya kazi saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, omba saa 12:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Jumla inabaki ileile, pamoja na saa moja ya mapumziko. Usiombe kuanza kabla ya saa 12:00 asubuhi, maana sheria ya ajira ya 2004 huhesabu muda huo kuwa usiku na humdai mwajiri nyongeza ya asilimia 5, nawe utakuwa umempa sababu ya kukataa.

Maombi mengi, kwa maoni yangu, hukwama kwenye alasiri. Andika hivi: "Naomba mpangilio huu kwa wiki nne tu, baada ya saa 9:30 nitapatikana kwa simu hadi saa 11:00." Ulizia pia mlinzi hufungua ofisi saa ngapi.