Barua pepe ya kuomba mishahara ya WIBA

"Bima ya WIBA ya mteja wetu imeisha mwaka. Nimwandikieje atume mishahara?"

WIBA ni bima ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, na ada yake hukadiriwa kwa mishahara. Mwombe jumla ya mishahara aliyolipa kweli ndani ya kipindi cha bima, kabla ya makato, igawanywe kwa aina ya kazi, maana karani na fundi wa mashine hawatozwi kiwango kimoja. Taja siku ya mwisho, kisha mwonyeshe hesabu. Mfano: alikadiria mishahara ya shilingi milioni 6, kwa asilimia 1 akalipa ada ya 60,000, ikifika milioni 7.5 ataongeza 15,000. Ikishuka hurudishiwa, ila ada haishuki chini ya ada ya chini iliyo kwenye mkataba.

Nashughulika na bima hizi: wengi hutuma Januari hadi Desemba ilhali bima ilianza Julai. Fomu za P9, zile za kodi ya mwaka ya kila mfanyakazi, zinafaa kuhakiki tu. Nazo hufuata mwaka wa kodi.